Posho ya mwanagenzi mwaka wa pili: 460, 550 au 594?

Spana13 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naomba mnisaidie hesabu kabla sijaenda kugombana na ofisi.

Niko kwenye uanagenzi wa miaka mitatu, ukerezaji na ufungaji wa mashine. Kipengele cha malipo kinasema hivi, nanukuu: "Posho ya mwezi itakuwa asilimia 40 ya mshahara kamili wa fundi kwa mwaka wa kwanza, asilimia 55 kwa mwaka wa pili na asilimia 70 kwa mwaka wa tatu."

Sitaki kuweka kiasi halisi hapa, kwa hiyo tuseme siku nasaini fundi alikuwa analipwa 1,000 kwa mwezi. Nikaanza na 400, sawa kabisa. Mwezi wa tisa wa mkataba wangu mafundi wote wakapandishiwa mshahara, wakafika 1,080. Mimi nikabaki na 400 yangu, sikusema kitu. Mwaka wa pili ulipoanza nikategemea kitu cha maana, nikakuta 460. Sasa nimeshapokea hiyo 460 miezi mitatu.

Mhasibu ananiambia: "Umetoka 40 kwenda 55, hiyo ni asilimia 15, nimekuongezea asilimia 15, unalalamika nini?" Mwenzangu wa karakana anasema ilipaswa kuwa 550. Mimi nikipiga napata 594. Nani yuko sahihi?

---

Nyundo Nzito

550. Hapo hakuna cha kujadili. Mhasibu wako kachemka, 15 yake kaipiga juu ya posho wakati ilitakiwa ipigwe juu ya mshahara wa fundi. Lakini na wewe hiyo 594 umeitoa wapi? Mkataba ulisaini fundi akiwa 1,000. Kilichotokea baada ya hapo ni mambo ya mafundi na mwajiri wao, wewe hayakuhusu.

---

Mama Wawili

Mwanangu, wewe shukuru. Kijana wangu alikwenda mazoezi ya vitendo toka chuoni, kiwanda kikubwa tu, akawa anapewa nauli na chakula cha mchana basi. Hakuna asilimia wala nini. Ukianza kudai watakutoa.

---

karani_wa_zamu

Mama Wawili, pole na kijana, ila hayo ni mambo mawili tofauti. Mwanao alikuwa mwanafunzi wa chuo aliyekwenda kujifunza kwa wiki kadhaa, na chuo ndicho kilichompeleka. Huyu ana mkataba na mwajiri mwenyewe, anafanya kazi, na malipo yake yameandikwa. Hapo hakuna cha kushukuru, kuna cha kuhesabu.

Spana13, nimekaa ofisi ya malipo muda mrefu, na kosa la mhasibu wako nimeliona mara nyingi. Mara nyingi halina hila ndani yake. Mifumo mingi ya malipo ina sehemu ya kuandika nyongeza ya mwaka kwa kila mfanyakazi. Ukiandika 15, mfumo unachukua anacholipwa sasa na kukiongezea asilimia 15. Kwa mfanyakazi wa kawaida hiyo ni sawa. Kwa mwanagenzi ni balaa, kwa sababu asilimia 15 ya mkataba wako imekatwa kutoka kwenye mshahara wa fundi, wakati mfumo umeikata kutoka kwenye posho yako. Asilimia 15 ya 1,000 ni 150. Asilimia 15 ya 400 ni 60. Hizo 90 zimepotelea hapo.

Kutoka 40 hadi 55, ukipima kwa posho yenyewe, ni ongezeko la asilimia 37.5. Mhasibu akiiona hiyo 37.5 huwa anashtuka na kudhani amekosea, kwa sababu hakuna mtu ofisini anayeongezwa hivyo kwa mwaka. Lakini ndivyo ngazi ya uanagenzi ilivyo. Unaanzia chini sana, kwa hiyo kila hatua inaonekana kubwa.

Nenda na kipimo kimoja tu: chukua ulicholipwa mwezi huo, gawa kwa mshahara wa fundi wa mwezi huohuo. Mwezi wa kwanza unapata asilimia 40, safi. Mwezi wa tisa, 400 kwa 1,080, unapata asilimia 37. Yaani sehemu yako ilishuka wakati wewe unazidi kujua kazi. Mwaka wa pili, 460 kwa 1,080, ni kama asilimia 42.6. Na mwakani akirudia njia hiyohiyo atakupa 529, ambayo ni asilimia 49 ya 1,080. Kwa njia yake utamaliza miaka mitatu bila kuifikia hata 55 uliyoandikiwa mwaka wa pili. Hapo hata mwenye karakana asiyependa hesabu ataona kuna kitu hakiko sawa.

Kwa hiyo 460 itoe kwenye meza. Mjadala halisi ni kati ya 550 na 594, na huo si wa hesabu tena, ni wa mkataba. Swali ni asilimia 55 ya mshahara upi: ule wa siku ya kusaini au ule unaolipwa mwezi huu?

---

Nyundo Nzito

Wa siku ya kusaini. Nimeshasema. Makubaliano yanafungwa na hali ya siku ile.

---

karani_wa_zamu

Mkuu Nyundo, ungekuwa na haki kama mkataba ungeandika kiasi. Mtu anayetaka kufunga bei anaandika 400, 550, 700, basi, hahitaji asilimia. Asilimia inawekwa ili posho ifuate kitu kingine kinachotembea. Kama hicho kitu tunakifunga siku ya kwanza, asilimia inabaki pambo.

Angalia Ufaransa. Posho ya mwanagenzi kule imewekwa kisheria kama sehemu ya kima cha chini cha taifa, na ngazi inategemea mwaka wa mkataba pamoja na umri. Chini ya miaka 18 ni asilimia 27, kisha 39, kisha 55. Wa miaka 18 hadi 20 ni 43, 51 na 67. Kima cha chini kikipanda katikati ya mwaka, posho inapanda nacho, hakuna anayesubiri mwaka wake wa mafunzo uishe. Kwa hiyo mwanagenzi wa kule ana vitu viwili vinavyompandisha kwa wakati tofauti: ngazi yake mwenyewe, na msingi ambao ngazi imesimama juu yake. Kwa maandishi uliyonukuu, Spana13, na wewe unavyo vyote viwili. Ofisi imekupa kimoja nusu, na cha pili imekisahau.

Wanasahau kwa sababu wanagenzi huwekwa kwenye kundi lao kwenye mfumo. Likija agizo la kupandisha mafundi, mtu wa malipo anachagua kundi la mafundi, anabonyeza, amemaliza. Hakuna kinachomkumbusha kwamba kuna watu wengine ambao malipo yao yanategemea namba hiyohiyo.

---

Spana13

Karani, asante sana, nimeelewa. Ila kuna kitu sikukisema mwanzo kwa sababu niliona hakina maana. Nyuma ya mkataba kuna kiambatisho chenye jedwali. Mistari mitatu, kila mwaka na asilimia yake, halafu safu ya pembeni ina kiasi: 400, 550, 700. Sasa si ndiyo hoja ya Nyundo?

---

Nyundo Nzito

Hahaha. Nilisema. Kiasi kimeandikwa, mmesaini wote wawili. 550 na mwakani 700. Funga uzi.

---

karani_wa_zamu

Usifunge. Jedwali lenye asilimia na kiasi kwa pamoja ndilo linalozaa ugomvi kuliko yote, na mimi nikipewa nafasi ya kuandika mikataba hii nafuta safu moja. Sasa inabidi tujue ipi inatawala.

Soma vitu vitatu. Kwanza kichwa cha safu ya kiasi. Kama kimeandikwa tu "Posho", Nyundo ana pa kusimamia. Kama kuna maneno kama "kwa mshahara wa sasa" au "kwa tarehe ya mkataba", basi safu hiyo ni mfano wa hesabu ya siku ile, na inayotawala ni asilimia. Pili, angalia mwishoni mwa mkataba kama kuna kifungu kinachosema kiambatisho kikitofautiana na mkataba, kipi kifuatwe. Tatu, uliza ofisi imefanyaje kwa wanagenzi waliotangulia. Kama kuna aliyemaliza mwaka jana na posho yake ilipanda mafundi walipopanda, wameshaonyesha wenyewe wanavyousoma mkataba wao.

---

Mwenye Karakana

Naomba nami niseme, maana hapa mnaongea kama vile mwajiri ni mwizi tu. Ninao wanagenzi wanne. Mwanagenzi wa mwaka wa kwanza kwangu ni hasara tupu. Posho yake si tatizo. Tatizo ni fundi anayesimama naye. Fundi wangu akifundisha saa mbili kwa siku, hizo saa mbili mashine yake imelala. Ongeza vyuma vinavyoharibika na ncha za kukereza zinazovunjika. Mwaka wa pili anaanza kurudisha. Mwaka wa tatu, akiwa mzuri, ananifanyia kazi ya fundi kwa asilimia 70, hapo ndipo ninapofidia. Kwa hiyo ngazi ina mantiki yake, na mimi siipingi.

Ninachopinga ni hicho cha kufuata mshahara kila unapopanda. Mimi nikisaini na kijana napanga gharama za miaka mitatu. Nikijua ni 400, 550, 700 najua nasimama wapi. Mkiniambia inatembea, nitaanza na asilimia ndogo zaidi ili nijilinde. Mtakuwa mmemsaidia nani?

Na jambo la pili, ambalo hakuna anayelisema. Mwaka wa pili ukiisha, mwanagenzi wangu anaitwa na karakana nyingine, anaambiwa njoo tukulipe 80, achana na cheti. Anakwenda. Hasara yote ya mwaka wa kwanza nimebaki nayo mimi. Ndiyo maana mkataba wangu mpya nimeuandika 30, 50, 85. Jumla ni ileile ya 40, 55, 70, lakini anayetaka kula asali amalize.

---

karani_wa_zamu

Mwenye Karakana, hoja ya kwanza naielewa, na jibu lake ni kuandika wazi. Ukitaka kiasi kisitembee, andika kiasi, usiandike asilimia. Kijana atajua anachosaini. Usichoweza ni kuweka asilimia kwenye tangazo ili ionekane tamu, halafu ukalipa kama vile ni kiasi.

Kuna nchi zinazofanya ngazi bila kugusa mshahara wa fundi kabisa. Ujerumani, tangu Januari 2020, sheria imeweka kima cha chini cha posho kwa mwaka wa kwanza, kisha miaka inayofuata inahesabiwa juu ya hicho cha kwanza: mwaka wa pili asilimia 18 zaidi, wa tatu 35 zaidi, wa nne 40 zaidi. Hiyo 35 inahesabiwa kutoka mwaka wa kwanza, siyo kutoka wa pili. Kwa hiyo mhasibu wa Spana13 hakubuni kitu kisichokuwepo duniani, ila ametumia hesabu ya mkataba wa namna ile kwenye mkataba wa namna hii. Na hata Ujerumani, palipo na makubaliano ya chama cha wafanyakazi na waajiri kwenye sekta, mwajiri asiyefungwa nayo hatakiwi kushuka chini ya asilimia 80 ya posho iliyomo humo. Lile kundi la mafundi na viwango vyake linarudi tena kwa mlango wa nyuma.

Hoja yako ya pili ndiyo inayonipa wasiwasi. 30, 50, 85 ina jumla ileile kweli, 165. Lakini jumla hiyo anaipata anayefika mwisho tu. Tuchukue fundi wa 1,000. Baada ya miaka miwili, wa 40 na 55 ameshapokea 11,400. Wa 30 na 50 ameshapokea 9,600. Tofauti ni 1,800, karibu mishahara miwili ya fundi, na hiyo umeishika wewe kama dhamana kwamba hatakimbia. Sawa. Je, wewe ukimwachisha mwezi wa kwanza wa mwaka wa tatu? Dhamana ile inakwenda wapi? Mwajiri ambaye kazi zimepungua anaangalia ngazi hiyo na kuona kwamba mwanagenzi wa 85 ni ghali, bora aanze na wawili wapya wa 30. Sisemi wewe utafanya hivyo. Nasema mkataba unamruhusu yeyote atakayeshika ofisi baada yako.

Kama unataka malipo makubwa yawe mwishoni, weka kifungu kwamba ukivunja mkataba mwaka wa tatu bila kosa lake, unamlipa tofauti ile ya 1,800. Hapo dhamana inakuwa ya pande zote mbili.

---

Mwenye Karakana

Hiyo nitaifikiria. Siahidi.

---

Dada Kuchomelea

Nimeusoma uzi wote, naomba kuchomekea langu. Kwetu ngazi haipandi kwa mwaka. Mkataba unasema utapanda "baada ya kufaulu tathmini ya mwaka". Mwaka wangu wa kwanza uliisha, tathmini haikufanyika kwa sababu mtahini hakuja. Imefanyika miezi mitano baadaye, nikafaulu vizuri, nikaanza kulipwa ya mwaka wa pili tangu mwezi ule. Miezi mitano niliyofanya kazi ya mwaka wa pili nimelipwa ya mwaka wa kwanza. Nikiuliza naambiwa masharti ni kufaulu, na ulikuwa hujafaulu.

---

Nyundo Nzito

Hapo sasa wana haki, dada. Hukufaulu kabla ya kufanya mtihani.

---

karani_wa_zamu

Nyundo, angalia nani alishika kalenda. Kama ni yeye aliyeshindwa kutokea au aliyeanguka mtihani, naungana nawe. Lakini tathmini inaitishwa na mwajiri au chombo cha mafunzo, siyo na mwanagenzi. Mtu hawezi kuweka sharti, kisha akalizuia lisitimie, kisha akafaidi kwa kutotimia kwake.

Dada, ngazi ya kupanda kwa ujuzi siyo mbaya yenyewe. Pendekezo Namba 208 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2023, linataja kwamba malipo ya mwanagenzi yanaweza kupanda kwa hatua kufuatana na anavyojipatia ujuzi wa kazi. Na Marekani programu zilizosajiliwa zinatakiwa kuwa na ngazi ya ujira inayopanda kadiri ujuzi unavyopatikana, na nyingine zinapandisha kila miezi sita. Tatizo la mkataba wako ni kwamba hauna tarehe. Ulihitaji mstari mmoja: tathmini ikichelewa bila kosa la mwanagenzi, akifaulu posho mpya inahesabiwa tangu siku aliyotimiza mwaka. Kwa sasa huna mstari huo, una hoja tu. Andika barua, ambatanisha tarehe ya kutimiza mwaka na tarehe ya tathmini, na uombe waeleze kwa maandishi kwa nini ilichelewa. Hilo la mwisho ndilo litakalofanya kazi. Watu wa ofisi hawapendi kuandika "mtahini hakuja" kwenye karatasi yenye mhuri.

---

Dada Kuchomelea

Na nikiwa nimeumwa? Mwaka wa pili nililazwa wiki saba. Wanasema mwaka wangu wa tatu utaanza wiki saba baadaye.

---

karani_wa_zamu

Hapo sina jibu moja. Mahali pengine mkataba unasogezwa mbele na ngazi inasogea nao, mahali pengine tarehe ya ngazi inabaki palepale. Inategemea kama mkataba wenu unahesabu mwaka wa kalenda ya mkataba au muda uliofanyiwa kazi. Tafuta hilo neno kabla hujabishana.

Ninachoweza kukupa ni mfano wa Ufaransa tena: mwanagenzi akishindwa mtihani wa mwisho na mkataba ukarefushwa, analipwa kiwango cha mwaka wake wa mwisho. Hapandi, lakini pia harudishwi chini. Hilo la kutorudishwa ndilo ningelipigania kwanza.

---

Mzee Randa

Vijana, mimi nilijifunza useremala kwa fundi ambaye hakunilipa kitu, nilikula kwake na kulala kwake, kwa hiyo asilimia hizi nazisoma kama habari mpya. Lakini nina swali la maana. Mnasema "mshahara kamili wa fundi". Fundi yupi? Kwenye karakana yoyote kuna fundi aliyemaliza mafunzo jana na kuna fundi wa miaka 20. Hao hawalipwi sawa. Asilimia 55 ya huyu na asilimia 55 ya yule ni dunia mbili.

---

karani_wa_zamu

Mzee wangu, shikamoo. Umeweka kidole penyewe.

Kawaida inayokusudiwa ni fundi anayeanza, yaani daraja ambalo mwanagenzi huyu ataingia siku atakayomaliza. Ndiyo inayoleta maana: ngazi inampeleka kwenye mshahara huo, hatua kwa hatua, na siku ya kufuzu anaruka kipande cha mwisho. Kwa Spana13 kipande hicho ni asilimia 30. Kama hakuna daraja lililotajwa, ofisi itachagua la chini kabisa na mwanagenzi atachagua la juu kabisa, na wote watakuwa na hoja.

Kuna mtego mwingine hapohapo. "Kamili" inaweza kusomwa mshahara wa msingi peke yake, au mshahara wa msingi pamoja na marupurupu ya kudumu kama ya nyumba na usafiri. Baadhi ya waajiri wanapandisha mafundi kwa kuongeza marupurupu badala ya msingi, na posho ya mwanagenzi inabaki palepale bila mtu kuvunja mkataba. Spana13, je, hiyo 1,080 ni msingi?

---

Spana13

Nimeuliza fundi ninayefanya naye. 1,080 ni msingi, imeandikwa hivyo kwenye slipu yake. Na ni daraja la tatu, la kuanzia, mkataba wangu pia kwenye kichwa cha kiambatisho umetaja daraja la tatu.

Halafu nimelisoma lile jedwali vizuri. Safu ya kiasi imeandikwa juu yake "Kiasi kwa mshahara wa tarehe ya mkataba". Kifungu cha kiambatisho kutofautiana na mkataba sikukiona.

---

karani_wa_zamu

Basi kwa maoni yangu una 594. Maneno hayo ya kichwa cha safu yanasema wazi kwamba kiasi ni cha siku ile. Fanya hesabu yako kwenye karatasi moja, fupi:

Mwaka wa kwanza, kuanzia mwezi wa tisa hadi wa kumi na mbili, asilimia 40 ya 1,080 ni 432. Ulilipwa 400. Pungufu 32, mara miezi minne, 128. Mwaka wa pili, asilimia 55 ya 1,080 ni 594. Ulilipwa 460. Pungufu 134, mara miezi mitatu, 402. Jumla ya malimbikizo 530.

Usimpelekee mhasibu neno "wizi" wala "sheria". Mpelekee mkataba, kiambatisho, na slipu zako. Muulize ofisini kwake, mkiwa wawili: mwezi huu mimi ni asilimia ngapi ya fundi wa daraja la tatu? Mwache agawanye mwenyewe.

---

Nyundo Nzito

Bado nasema 550. "Tarehe ya mkataba" maana yake ndiyo tarehe iliyokubaliwa. Mtaona.

---

Spana13

Mrejesho, wakuu. Nimeonana na mhasibu leo asubuhi. Aligawanya, akanyamaza, akafungua mfumo, akaona ile sehemu ya nyongeza ameandika 15. Amekubali palepale kwamba 460 haipo kwenye mkataba popote. Mwezi huu nalipwa 550, na tofauti ya 90 kwa miezi mitatu, yaani 270, naipata pamoja nayo.

Kuhusu 594 amesema hana mamlaka, anampelekea meneja pamoja na jedwali. Alisema pia kitu ambacho sikukitegemea: tuko wanagenzi sita kwenye kundi lile, na wote sita hawakuguswa mafundi walipopanda. Kwa hiyo meneja akikubali kwangu, anakubali kwa sita. Ndiyo anaogopa.

---

karani_wa_zamu

Pokea hiyo 270, lakini ukisaini chochote angalia kisiandikwe "malipo ya mwisho ya madai yote". Waandike "tofauti ya posho ya mwaka wa pili kwa msingi wa 1,000". Iliyobaki ni 260, na kila mwezi unaopita inaongezeka 44.

Hao watano wengine wanajua?

---

Spana13

Wawili wanajua. Mmoja yuko mwaka wa tatu, amebakiza miezi miwili, anasema tusimharibie cheti.

---

Mwenye Karakana

Huyo wa mwaka wa tatu ndiye anayedai nyingi kuliko nyote, akihesabu. Mwambieni ahesabu kimya kimya, barua aandike siku ya kuchukua cheti. Na mimi nimekwenda kufungua mafaili yangu. Wangu wanne wako kwa kiasi, siyo asilimia, ila tangazo langu la mwaka huu limeandika asilimia. Kesho nalibadilisha.